Somo: Mizani inasema yuko sawa, kidonda kinasema hapana. Kupima lishe baada ya jeraha la uti wa mgongo

Wapendwa, wiki iliyopita niliahidi somo hili baada ya wauguzi watatu kuniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: mgonjwa aliyepooza miguu amerudi na kidonda cha mgandamizo, uzito wake ni wa kawaida, anakula vizuri, basi lishe yake ina tatizo gani? Nitajibu kwa kumfuata mgonjwa mmoja tangu anapimwa hadi kidonda kinafunga. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Ni mwanamume wa miaka 34. Aliumia kwenye pingili ya 8 ya kifua, miguu haina nguvu wala hisia, mikono ni mizima. Siku anaumia alikuwa na kilo 74. Mwezi wa tano baada ya ajali, anatoka kwenye utengamao, alikuwa na kilo 60. Alipokuja kwangu ilikuwa mwezi wa kumi na nne, ana kilo 71 na kidonda cha hatua ya 3 kwenye mfupa wa kukalia upande wa kushoto, sentimita 4 kwa 3, ngozi imeisha yote na mafuta ya chini yanaonekana. Nyumbani walikuwa wamefurahi kwamba "mwili umerudi". Somo zima liko kwenye sentensi hiyo, maana mwili ulioondoka sio uliorudi.

Hatua ya 1: Pata uzito wa kweli

Mpime akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu juu ya mizani ya jukwaa, kisha mhamishie kitandani na upime kiti kitupu, halafu utoe. Mfuko wa mkojo umwagwe kwanza. Mto wa kukalia uwe uleule mara zote mbili, na uangalie kilichoning'inizwa nyuma ya kiti. Niliwahi kuandika kwamba mgonjwa amepungua kilo 2 ndani ya wiki moja, nikamwongezea chakula, kumbe alikuwa amebadilishiwa mto na chupa ya maji ilikuwa imetolewa chini ya kiti. Tangu siku hiyo naandika uzito wa kiti na aina ya mto pembeni ya kila kipimo. Miguu ikiwa imevimba kwa maji, andika pia, kwa sababu maji hayo yanahesabiwa kama nyama.

Urefu usiukadirie kwa macho. Mlaze chali, nyoosha miguu, pima kutoka utosini hadi kisiginoni. Viungo vikiwa vimekakamaa, pima vipande vipande kwa utepe ukifuata mwili (kichwa hadi nyonga, nyonga hadi goti, goti hadi kisigino) au tumia urefu ulioandikwa kabla ya ajali. Huyu alikuwa na sentimita 176.

Hatua ya 2: Usiuamini uwiano wa uzito na urefu

71 ÷ (1.76 × 1.76) = 22.9. Kwenye chati ya ukutani hiyo ni kawaida kabisa, maana unene wa kupita kiasi unaanzia 30. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo chati hiyo haifai. Misuli iliyokatiwa mawasiliano na ubongo husinyaa haraka ndani ya miezi ya kwanza, na nafasi yake inachukuliwa na mafuta, mengine yakijipenyeza katikati ya misuli yenyewe pasipoonekana. Ndiyo maana kwa kundi hili kikomo kinachopendekezwa ni 22. Ukivuka hapo, mtu ana mafuta mengi hata kama nguo zake za zamani bado zinamtosha.

Rudi kwenye namba zake. Kilo 14 zilizoondoka zilikuwa kwa sehemu kubwa misuli ya mapaja, makalio na vigimbi. Kilo 11 zilizorudi ni mafuta kwa sehemu kubwa, na yamekaa tumboni. Makalio, ambayo ndiyo yanayobeba mwili siku nzima, yalibaki bila godoro lake la asili. Mtu mwenye kilo 71 anakalia mfupa wa mtu aliyekonda.

Kwa hiyo pima kiuno. Mlaze chali, choo kiwe kimeshatolewa siku hiyo, weka utepe katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa mfupa wa nyonga, soma anapomaliza kutoa pumzi. Kikomo kwa watu waliopooza ni sentimita 94. Yeye alikuwa na 99. Choo kisipotoka siku tatu, tumbo linajaa na kipimo kinadanganya, ndiyo maana nasisitiza jambo hilo dogo.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao hata wazoefu huingia. Utepe wa mkono wa juu, tunaoutegemea sana kutambua utapiamlo, hapa haufai peke yake. Mtu anayesukuma kiti kila siku ana mikono ya mwanamichezo. Wa huyu ulikuwa umeongezeka kuliko kabla ya ajali. Ukiishia hapo utaandika "lishe nzuri" na kwenda zako. Shuka chini: shika paja, angalia makalio, gusa kama kuna nyama kati ya kidole chako na mfupa wa kukalia.

Hatua ya 3: Kadiria nishati, kisha ihakikishe kwa mizani

Misuli inachoma nishati hata mtu akiwa amelala. Ikipungua, matumizi ya mwili yanapungua nayo. Kanuni za kawaida, zilizotengenezwa kwa watu wanaotembea, humpa mgonjwa huyu chakula kingi mno. Kwa hali iliyotulia, bila kidonda, tunatumia:

Waliopooza miguu: kalori 27.9 kwa kila kilo kwa siku.
Waliopooza mikono na miguu: kalori 22.7 kwa kila kilo kwa siku.

Kidonda cha mgandamizo kikiwepo, tunapanda hadi kati ya 30 na 40 kwa kilo. Kwa nini nilianzia 30 na sio 40? Nilimwomba aeleze alichokula na kunywa siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa ya mapumziko, nikapata wastani wa kalori 2,450. Halafu nikaiuliza mizani. Ameongezeka kilo 11 kwa miezi 9, yaani kama kilo 1.2 kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kila siku alikuwa anabakiza kama kalori 310. Ukitoa 310 kwenye 2,450 unapata 2,140. Na 71 × 30 ni 2,130.

Namba hazikutani vizuri hivyo kila mara. Watu husahau vinywaji na mafuta ya kukaangia, kwa hiyo tofauti ya kalori 200 hainishtui. Ila njia hii ya kuihoji mizani naipenda kuliko kanuni yoyote, kwa sababu inamhusu mtu huyu mmoja. Mahali penye mashine ya kupima hewa anayovuta na kutoa, itumieni, ndicho kipimo bora.

Hatua ya 4: Protini, na hapa ndipo palipokuwa na shimo

Mtu aliyetulia bila kidonda anahitaji gramu 0.8 hadi 1 ya protini kwa kilo. Kidonda cha hatua ya 2 kinataka 1.2 hadi 1.5, na cha hatua ya 3 au 4 kinataka 1.5 hadi 2. Kidonda kikubwa chenye majimaji mengi huvujisha protini kila siku kwenye bandeji, na mwili ukikosa ya kutosha unaichukua kwenye misuli michache iliyobaki.

71 × 1.5 = gramu 107. Alikuwa anakula 58.

Kumbe huyu hakuwa na njaa ya chakula. Alikuwa na ziada ya kalori na upungufu wa protini kwa wakati mmoja. Muuguzi aliyesema "anakula vizuri" alisema kweli, sahani ilikuwa inajaa. Ilikuwa inajaa wanga na mafuta.

Hatua ya 5: Soma damu kwa tahadhari

Albumini yake ilikuwa gramu 29 kwa lita, na CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na kidonda au maambukizi, ilikuwa 48. Wengi wakiona albumini imeshuka wanaandika utapiamlo. Lakini mwili unapopambana na kidonda au maambukizi, ini hupunguza kutengeneza albumini hata kama mtu anakula nyama kutwa. CRP ikiwa juu namna hiyo, albumini inakueleza ukali wa ugonjwa, haikuelezi alichokula jana. Sikuitumia kupanga chakula.

Vipimo vilivyonisaidia ni viwili. Damu yake haikuwa pungufu, kwa hiyo hilo likaondoka mezani. Na kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 6.1, bado sio kisukari ila yuko njiani. Misuli ndiyo inayomeza sukari nyingi baada ya mlo. Ikipungua, sukari inakaa kwenye damu, na sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kufunga.

Hatua ya 6: Badilisha sahani, usiirundike

Tulitoa soda mbili za nusu lita kwa siku (kalori kama 420), vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kukaangia (kama 240), na sehemu moja ya wanga wa usiku (kama 200, pamoja na gramu 4 hivi za protini). Tukaweka mayai mawili, glasi mbili za maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na gramu 100 za samaki aliyepikwa bila kukaangwa. Hivyo vinaleta protini gramu 53 na kalori kama 510. Hesabu ikafunga: kalori 2,100, protini 107. Protini tuliigawa kwenye milo yote, maana akila yote jioni sehemu yake inaweza kuishia kuchomwa kama nishati tu.

Maji: mililita 1 kwa kila kalori, na kama 500 juu yake kwa ajili ya utumbo uliolegea, vinywaji vyote vikihesabiwa. Yeye alikuwa anakunywa lita moja. Hakuwa mzembe. Alikuwa anajiwekea mpira wa mkojo mara nne kwa siku na akajifunza mwenyewe kwamba akinywa kidogo, kibofu hakimsumbui kazini. Ukimwambia "kunywa lita mbili na nusu" bila kuongeza mara za kutoa mkojo, kibofu kitajaa kupita mililita 500 na utamletea tatizo la figo. Tulipanda polepole, tukaenda mara sita, ndipo maji yakawezekana.

Nyuzinyuzi niliziacha karibu gramu 15 kwa siku mwanzoni na kupandisha kidogo kidogo. Ukizimwaga ghafla kwenye utumbo unaokwenda polepole, choo kinaziba.

Hatua ya 7: Fuatilia, na ujue chakula kinapokoma

Uzito kila wiki, vipimo vya kidonda kila wiki, na baada ya wiki mbili uone dalili fulani ya kupona. Sisi wiki mbili zilipita, kidonda kiko palepale. Protini inaliwa, sukari imeshuka, uzito umetulia. Niliumia moyo, nikataka kupandisha protini hadi gramu 2 kwa kilo. Mtaalamu wa fiziotherapia akanizuia, akaingiza mkono chini ya mfupa wa kukalia mgonjwa akiwa ameketi. Mto wa hewa ulikuwa umepungua upepo na mfupa ulikuwa unagusa kiti. Panatakiwa pabaki angalau sentimita 1.5 za hewa.

Tulimtoa kwenye kiti kwa muda, akalala kwa tumbo na kwa ubavu wa kulia. Aliporudi kukaa, alikuwa anainama mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30 na kubaki hivyo dakika mbili kamili. Kujinyanyua kwa mikono sekunde tano hakutoshi, damu haijarudi kwenye ngozi. Wiki ya tatu tishu nyekundu ikaanza kujaa. Mwezi wa nne kidonda kikafunga. Uzito kilo 70, kiuno 96.

Kama mgandamizo umeondolewa kweli, protini inaliwa kweli, na bado kidonda hakisogei, acheni kubadilisha chakula. Mpelekeni akaangaliwe maambukizi kwenye mfupa.

---

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka kwa dada anayemuuguza kaka yake: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu alivunjika shingo, mikono na miguu yote haifanyi kazi, ana kilo 58. Nikipiga hesabu yako napata kalori 1,317. Hiyo si ni njaa? Mama anasema namnyima chakula.

Jibu: Marahaba dada. Hesabu yako ni sahihi, na hofu ya mama naielewa. Ukweli ni kwamba mwili wake sasa unatumia kidogo hivyo, ukimpa 2,000 ziada yote itakwenda tumboni, na atakuwa mzito kwenu kumgeuza. Ila kalori zikiwa chache, hakuna nafasi ya kitu kitupu. Soda na sukari zitoke kwanza, protini ibaki gramu 58 hivi, mboga na matunda yawepo kila mlo. Muonyesheni mama uzito wa kila mwezi, ukitulia ataona mwenyewe kwamba hanyimwi. Akipata kidonda, hesabu inabadilika, usibaki na 1,317. Na jambo moja linalonitia wasiwasi kwa walioumia shingo: je, anakohoa akinywa maji, au sauti inakuwa kama ina maji baada ya kumeza? Kama ndiyo, apimwe umezaji kabla hujabadilisha chochote.

Swali, kutoka kwa muuguzi wa wodi ya majeruhi: Sisi tunawapokea wakiwa na siku mbili tatu. Wanakonda mbele ya macho yetu na nitrojeni inatoka nyingi kwenye mkojo. Tuongeze chakula mpaka isimame?

Jibu: Hapana, na hili limewahi kuwaumiza wagonjwa wengi. Katika wiki za mwanzo misuli iliyopooza inavunjika kwa sababu haina mishipa ya kuiamuru, na protini yake inatoka hata ulishe vipi. Huwezi kuifukuzia. Ukijaribu, unampa kalori za ziada, sukari inapanda, na kama yuko kwenye mashine ya kupumua anazalisha hewa chafu zaidi ya kutoa. Kama hamna mashine ya kupima matumizi, tumieni kanuni ya Harris-Benedict kwa uzito aliokuja nao, zidisheni kwa 1.1 ya shughuli na 1.2 ya jeraha, protini gramu 2 kwa kilo. Zile 22.7 na 27.9 ni za baadaye, hali ikishatulia. Akiwa na majeraha mengine makubwa pembeni, mshirikisheni mtaalamu wa lishe kila siku, hesabu hizo zinaweza kuwa ndogo.

Swali, kutoka kwa mwanachama anayetumia kiti cha magurudumu miaka 11: Daktari alipima kreatinini yangu akasema figo ni safi kabisa. Basi naweza kula hiyo protini ya 1.5 bila shida?

Jibu: Kaka, ngoja kidogo. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Wewe una misuli michache, kwa hiyo inaweza kuonekana nzuri huku figo zimeshaanza kuchoka, hasa baada ya miaka mingi ya matatizo ya kibofu. Omba kipimo cha sistatini C, hicho hakitegemei misuli kwa kiasi hicho. Na kama huna kidonda kwa sasa, huihitaji 1.5. Baki kwenye 0.8 hadi 1.

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa lishe: Zinki na vitamini C tunampa kila mwenye kidonda?

Jibu: Kama chakula chake ni duni au kipimo kinaonyesha upungufu, ndiyo. Kama anakula vizuri, sioni sababu. Zinki isivuke miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, inazuia shaba isifyonzwe na damu inaanza kupungua. Kinywaji chenye protini nyingi pamoja na zinki, arijinini na vitamini za kukinga seli kina nafasi yake pale kidonda ni cha hatua ya 2 kwenda juu na mgonjwa ana utapiamlo au yuko hatarini kuupata. Mgonjwa wa somo hili hatukumpa, shimo lake tuliliziba kwa mayai, maziwa na samaki.

Swali, kutoka kwa muuguzi wa jamii: Kidonda kimefunga. Sasa kiuno cha 96 tunakifanyaje, na lini?

Jibu: Mimi nilisubiri mwezi mmoja baada ya ngozi kufunga, kwa sababu kovu changa halina nguvu ya ngozi ya zamani na sikutaka kuanza kumpunguza mwili mapema. Kisha protini ilishuka taratibu hadi gramu 1 kwa kilo, na kalori hadi 1,800, kidogo chini ya zile 1,950 zinazotoka kwa 70 × 27.9. Lengo ni kilo 66 hadi 68, ambapo uwiano wake utakuwa karibu na 22, na mwendo ni nusu kilo kwa mwezi, sio zaidi. Akishuka haraka anapoteza na nyama ya makalio aliyobakiza. Kila anapopungua kilo 2, mto wake unajazwa upya na mkono unaingizwa tena chini ya mfupa kuangalia.